Taya Safi za Klampu Mita

Ukifika Mafinga, mkoani Iringa, karibu kila upande ni miti ya paini. Msitu wa Sao Hill ndio shamba kubwa la miti la serikali nchini, na mbao zake huacha unga unaopenya kila mahali. Fundi umeme anayehudumia mashine za kupasua mbao huko hukutana na unga huo hata ndani ya kifaa chake cha kupimia. Namsifu yule ambaye, kabla hajakumbatia waya, hufungua taya za klampu mita na kuzifuta kwa kitambaa kikavu mpaka chuma king'ae.

Sababu iko ndani ya taya hizo. Klampu ya mkondo geu ni CT inayofunguka. Waya unaopita katikati ni mzunguko mmoja tu wa msingi. Ndani ya kasha kuna koili yenye mizunguko, tuseme, 1000, na ncha zake zimeunganishwa kwenye rezista ndogo. Ampea 40 za mota zingetakiwa kutoa miliampea 40 kwenye koili. Lakini chuma hakipati usumaku bure: sehemu ya mkondo hutumika kukitia usumaku, na kinachobaki ndicho kinachofika kwenye rezista. Mkondo huo wa usumaku umechelewa kwa robo ya mzunguko, kwa hiyo haupunguzi sana ukubwa wa kipimo. Unachofanya ni kukisogeza mbele kwa wakati.

Kiasi cha kusogea kinategemea mambo mawili. La kwanza ni mzigo wa koili, yaani ukinzani wa waya wake pamoja na rezista na chochote kilichoungwa hapo. La pili ni kizuizi ambacho koili inaleta kwa mkondo wa usumaku, na hicho hushuka kila mwanya kati ya taya unapopanuka. Chukua klampu yenye mzigo wa omu 10. Taya zikiwa safi, tuseme kizuizi ni omu 1000. Uwiano ni 1 kwa 100, na kosa la pembe ni kama nusu digrii. Unga wenye utomvu ukiongeza mwanya mara kumi, kizuizi kinashuka hadi omu 100 na pembe inafika digrii 5.7. Cha ajabu, ampea hazioneshi hata dalili: 40 zinasomeka 39.8. Fundi anayeangalia ampea pekee ataondoka ameridhika, na kwa ampea atakuwa sahihi.

Kilowati ndizo zinazoharibika. Mota ya fezi tatu, volti 400, ampea 40, ikizunguka na pawafakta ya 0.5 kwa sababu msumeno haukati, inakula kilowati 13.9. Klampu yenye unga imesogeza mkondo karibu na volti, hivyo pembe ya digrii 60 inaonekana kama 54.3, na skrini inasema 16.1. Mwenye kiwanda anaambiwa mota yake inapoteza zaidi ya kilowati mbili, na pengine ananunua nyingine. Mota ingekuwa na mzigo kamili na pawafakta nzuri, kosa hilo hilo lingekuwa dogo zaidi, na ndiyo maana hudumu miaka bila kushtukiwa.

Mzigo wa koili nao huongezeka kwa ujinga wetu. Kuna klampu ambazo hutoa mkondo kwa waya kwenda kwenye kifaa kingine. Mtu akirefusha nyaya hizo kwa waya mwembamba, au akiunga mita yenye ukinzani mkubwa, anaweza kufikisha omu 20. Kwa taya zile zile chafu pembe inapanda hadi digrii 11, na kosa la kilowati kwenye mota yetu linakaribia asilimia 30. (Na klampu ya namna hiyo isiachwe ncha zake wazi ikiwa imekumbatia waya wenye mkondo, isipokuwa kama mtengenezaji ameiwekea kinga, kwa sababu volti hupanda ghafla.)

Utajuaje bila kupeleka kifaa maabara? Wengi hujaribu kwenye hita, lakini hita huficha kosa: kosainisi ya digrii 5.7 ni 0.995. Jaribio zuri ni kapasita. Ya mikrofaradi 50 kwenye volti 230 huvuta ampea 3.6 hivi, na wati zake zinatakiwa kuwa karibu na sifuri. Klampu yetu yenye unga ingeonyesha wati 80 hasi, kana kwamba kapasita inazalisha umeme. Safisha taya, zifunge tena, bonyeza kidogo. Wati zikirudi karibu na sifuri huku ampea zikibaki pale pale, umemshika mwongo.

Fundi mwenzangu wa Mafinga, weka kapasita moja na kitambaa kikavu kwenye mkoba wako, na usimpe mteja hesabu ya kilowati kabla hujavitumia vyote viwili.