Beseni la saa 8 usiku: hotuba ya rafiki ilivyojengwa

Katika harusi nyingi, rafiki wa bwana harusi hupewa kipaza sauti huku mshereheshaji akimnong'oneza, "Dakika 3 tu, kaka." Wengi huzitumia kumwaga sifa: mchapakazi, mcheshi, mcha Mungu. Sifa hizo wageni huzisikia kila Jumamosi. Hotuba ninayoichambua leo, iliyotolewa ukumbini Morogoro, haikutaja sifa hata moja, na bado wageni walitoka wakimjua bwana harusi ni mtu wa namna gani.

Msemaji aliwaamkia wazee, akasalimu wageni, kisha akaingia moja kwa moja: "Wakati wa masika, mimi na bwana harusi tulikuwa tumepanga chumba kimoja. Saa 8 usiku mvua inapiga bati, namwona mwenzangu anavaa suruali, anachukua beseni letu la kufulia, anafungua mlango." Ukumbi ukacheka. Kijana anayetoka usiku wa manane na beseni ana maelezo ya kutoa, na msemaji hakuharakisha kuyatoa. Alimuuliza anakwenda wapi, akajibiwa, "Kwa bibi, jirani." Kicheko kikazidi.

Sababu ilifuata baadaye. Mchana ule bwana harusi alikuwa amempigilia bibi huyo bati na kulipwa ujira wake. Msumari mmoja ulikwenda vibaya, akaung'oa, tundu likabaki. Alikusudia kuliziba, akasahau. Mvua ilipomwamsha, alilikumbuka. Walibisha hodi, wakasogeza kitanda cha bibi, wakatega beseni chini ya tundu. Kupanda juu ya bati lililolowa gizani kungekuwa ujinga, hivyo alisubiri kukuche, akarudi na msumari mpya na kipande cha mpira wa baiskeli cha kuweka chini ya kichwa cha msumari huo.

Tuanze na mpangilio. Msemaji angesema mwanzoni kwamba bwana harusi alisahau kuziba tundu, kusingekuwa na cha kusubiri. Kwa kutanguliza beseni na kuchelewesha tundu, aliwafanya wageni wajiulize, wamdhanie vibaya kidogo, halafu wajisahihishe wenyewe. Hukumu uliyoifikia mwenyewe huitilii shaka kama ile unayotangaziwa. Ndiyo maana neno "mwaminifu" halikuhitajika. Lingetamkwa, lingewanyang'anya wageni kazi waliyokwisha kuifanya.

Pili, ni nafasi ya msemaji ndani ya kisa. Yeye alishika tochi na kulalamikia usingizi wake, basi. Hapa ndipo marafiki wengi huharibu: kisa kinaanza kwa bwana harusi na kuishia kwa msimuliaji aliyemkopesha pesa au kumwokoa. Kipimo ni rahisi. Soma kisa chako na uulize nani anaamua jambo katikati yake. Kama ni wewe, hicho ni kisa chako, tafuta kingine.

Tatu, kosa limo. Fundi alisahau tundu, na kisa hakifichi hilo. Kasoro ndogo inayorekebishwa na mwenyewe humfanya mtu aaminike, na haimwaibishi mbele ya wakwe. Visa vya ulevi na wapenzi wa zamani navyo vina kasoro, lakini havina marekebisho. Vinawachekesha waliokuwapo tu. Ukisikia kicheko kinatoka meza moja na meza ya wazazi imenyamaza, jua umekosea uchaguzi.

Kisha likaja daraja la kumfikia bibi harusi: "Shemeji, mvua ikinyesha usiku ukamkosa kitandani, usinipigie simu. Angalia kwanza kama beseni lipo." Sentensi hizo zimetuvusha kutoka kwa jirani wa jana hadi kwa mke wa kesho bila mawaidha yoyote kuhusu ndoa. Mawaidha wanayo wazee, na zamu yao ipo kwenye ratiba.

Hapo angeketi. Badala yake akaongeza kisa cha pili, cha mechi ya mtaani ambayo bwana harusi alifunga bao la mwisho. Kilikuwa kizuri, ila kilionyesha kipaji, si tabia, na kiliwataka wageni waanze upya kuwafahamu watu wengine na mahali pengine. Viti vikaanza kusogezwa, mshereheshaji akasimama karibu naye. Kisa cha pili hakikuongeza kitu juu ya cha kwanza; kilikipunguzia nguvu.

Kwa hiyo, ukipewa zamu hiyo, andika visa 3, mwombe bwana harusi ruhusa ya kile utakachokichagua, futa kila sifa, kisha msomee mtu asiyemjua. Muulize, "Huyu ni mtu wa namna gani?" Akikujibu sawasawa, hotuba imekamilika. Akisitasita, usimwongezee sifa, badilisha kisa.