Anza Nchani: Namna ya Kutambua Hesabu Nzuri ya Joto la Pezi

Ukiletewa hesabu mbili za joto kwenye pezi la kupozea injini, zote zina grafu safi na majibu yenye desimali, usipoteze muda kwenye shina. Pale shinani jotoridi limetolewa na swali lenyewe, kwa hiyo kila mtu hulipata. Ubora hujulikana nchani, kwa sababu huko hakuna aliyekutajia jotoridi wala kiasi cha joto. Unachokijua ni uhusiano wa hayo mawili tu, na namna mtu anavyoushughulikia uhusiano huo ndiyo inayoonyesha kama anaelewa anachokihesabu.

Tuchukue pezi moja bapa la aluminiamu kwenye kichwa cha silinda ya pikipiki inayopozwa kwa hewa. Urefu kutoka shinani hadi nchani, L, ni mm 30, unene, t, mm 3, upana sm 10. Shina lina nyuzi 180 za Selsiasi na hewa inayopita ina nyuzi 30. Kwa mfano wetu, uwezo wa aluminiamu hii kupitisha joto, k, ni 150 W/m·K, na uwezo wa hewa kulichukua, h, ni 50 W/m²·K.

Kata kipande chembamba cha pezi kwa mawazo. Joto linaloingia upande wa shina, ukitoa linalotoka upande wa ncha, ni sawa na lile lililochukuliwa na hewa kwenye nyuso zake mbili. Tukiita θ tofauti ya jotoridi kati ya pezi na hewa katika umbali x kutoka shinani, mlinganyo unakuwa:

θ″ = m²θ, ambapo m² = 2h/(kt)

Huu ni mlinganyo wa daraja la pili, kwa hiyo unadai masharti mawili, moja kwa kila mpaka. Shinani, θ = 150. Nchani, joto linalofika kupitia metali lazima lilingane na linaloondoka na hewa:

−kθ′(L) = hθ(L)

Jibu lake, H ikiwa ni h/(mk), ni:

θ(x) = 150 · [cosh m(L−x) + H sinh m(L−x)] / [cosh mL + H sinh mL]

Kwa pezi letu mL ni 0.447, na ncha inatoka na nyuzi 164.9. Sasa tuikague kazi.

Tazama mstari unavyofika mwisho

Kwa kuwa θ″ ina alama ile ile ya θ, mstari wa grafu hushuka kwa kasi karibu na shina kisha hupungua mteremko taratibu. Ukiona kinundu katikati, rudisha kazi kwa mwenyewe. Katika mfano wetu mteremko shinani ni kama nyuzi 0.98 kwa kila milimita, na nchani ni nyuzi 0.045 tu. Ni mdogo, lakini si sifuri, na bado unashuka.

Mteremko huo wa mwisho unaweza kuupima kwa rula. Urefushe mstari ulionyooka kuanzia nchani, ukifuata mteremko wa pale. Unapaswa kukutana na jotoridi la hewa umbali wa k/h kupita ncha, yaani mita 3 kwa nambari zetu. Kama mstari umelala kabisa nchani, mwandishi ameifanya ncha kana kwamba imezibwa isitoe joto, hata kama kwenye maelezo aliandika vingine. Kama unapanda, amekosea alama ya kutoa. Kosa hilo la alama huleta nyuzi 167.4 nchani. Ncha iliyozibwa kabisa ingekuwa na nyuzi 166.2. Ncha inayopigwa na hewa haiwezi kuwa na joto zaidi kuliko ncha iliyozibwa, kwa hiyo jibu hilo linajikana lenyewe hata kabla hujasoma hatua zake.

Dai mizania ya wati

Tofauti ya nyuzi 164.9 na 166.2 ni ndogo kiasi kwamba jotoridi peke yake halitoshi kukuamulia. Uliza wati. Joto linaloingia kupitia shina ni wati 44.1. Nyuso mbili za pembeni hutoa wati 42.0 na ncha hutoa 2.0, na baki ni ukadiriaji wa desimali tu. Aliyeziba ncha hupata wati 42.2 kwa jumla, pungufu kwa asilimia 4. Kumbe kuziba ncha hakupotezi wati 2.0 zote, maana pezi hubaki na joto zaidi kidogo na nyuso za pembeni hutoa zaidi. Hesabu nzuri huonyesha mgawanyo huu. Hesabu inayotoa jumla peke yake haijakupa nafasi ya kuikagua.

Kuna njia ya mkato inayoheshimika: ziba ncha, lakini urefushe pezi kwa nusu ya unene wake, hapa kutoka mm 30 hadi 31.5. Eneo la ncha linakuwa limehamishiwa pembeni. Jibu linarudi wati 44.1. Usimdharau anayeitumia, ilimradi aseme ameitumia.

Kagua nusu kipande cha mwisho

Makosa mengi hujificha kwa anayetumia kompyuta kugawa pezi kwenye nukta zinazotengana kwa Δx. Nukta ya mwisho, n, inamiliki nusu kipande cha pezi. Nusu hiyo hutoa joto nchani na pia kwenye nyuso zake mbili, kwa hiyo mizania yake, kwa upana wa mita moja, ni hii:

k·t·(θₙ₋₁ − θₙ)/Δx = h·t·θₙ + h·Δx·θₙ

Wengi huandika sehemu ya kwanza ya upande wa kulia na kusahau ya pili. Sasa gawa pezi letu vipande 10, Δx iwe mm 3, sawa na unene. Sehemu mbili za kulia zinalingana kabisa. Aliyesahau nyuso za pembeni anabaki na mlinganyo ule ule wa aliyeziba ncha na kukumbuka nyuso za pembeni. Ameandika sharti la hewa nchani kwa bidii zote, na kompyuta inamrudishia takriban nyuzi 166.2 za ncha iliyozibwa.

Kumkamata ni rahisi. Mwambie apunguze Δx kwa nusu mara mbili mfululizo, alinganishe na jibu kamili. Kazi iliyotimia hupunguza kosa hadi takriban robo kila mara. Iliyosahau nyuso za nusu kipande hulipunguza hadi takriban nusu tu.

Mipaka yake ijulikane

Mlinganyo huu hudhani kwamba jotoridi halibadiliki kutoka uso mmoja hadi mwingine. Ili uuamini, h(t/2)/k iwe ndogo sana kuliko 1. Kwetu ni 0.0005, kwa hiyo dhana hii haitutishi. Kinachotia mashaka ni h, kwa kuwa hewa haipiti kwa kasi moja kila mahali, na pezi lililojaa matope hupata hewa kidogo. Ukikosea h kwa asilimia 20, wati nazo zitayumba karibu kiasi hicho, zaidi sana kuliko zile asilimia 4 za ncha. Hata hivyo kosa la ncha iliyozibwa huelekea upande mmoja daima, kupunguza wati, na kulirekebisha kunagharimu nusu ya unene tu. Kwa hiyo mpe alama za juu anayerekebisha ncha na kuonyesha majibu kwa h ya chini na ya juu, na umkate anayekupa desimali nne kwa h moja ya kukisia.