Mkono wa Katibu Muhtasi

Kijana mmoja wa Morogoro alipata kazi ya utunza stoo Dar es Salaam. Barua ya ajira ilitaja mshahara na kituo cha kazi, ikasahau siku ya kuanza. Kabla ya kujibu, alimpa mama mmoja, katibu muhtasi mstaafu, rasimu yake aisome:

"Habari Dada, nime pokea barua yenu nashukulu sana. Nimekubari kazi ila naomba nianze mwezi wa saba maana hapa nilipo lazima nitoe notisi. Je naanza lini?"

Makosa ya tahajia aliyamaliza haraka: nime pokea ikaungana, nashukulu na nimekubari zikapata herufi zake. Kisha akatulia kwenye "ila", na hapo ndipo nilipouona ustadi wake. Kwa sheria ya mikataba ya Tanzania, kukubali sharti kuwe kamili, bila kuongeza masharti mapya. Ukisema umekubali ila uanze Julai, mwajiri anaweza kuisoma kama ofa mpya kutoka kwako, naye ana hiari ya kuikataa. Kwa hiyo alitenganisha mambo mawili: kukubali kukasimama peke yake na kufungwa kwa nukta, ombi likafuata.

Halafu akauliza juu ya notisi. Kijana hulipwa kwa mwezi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28. Mkataba wake haukuzidisha. Wakahesabu kwenye kalenda ya ukutani: notisi ikitolewa Jumatatu, Juni 2, inakwisha Juni 30. Lakini mama hakutaka kijana aache kazi kabla ya tarehe kuthibitishwa kwa maandishi, na tahadhari hiyo akaiingiza kwenye barua kwa upole, bila kuonyesha shaka kwa mwajiri:

"Kuh: Kukubali ajira ya mtunza stoo na kuulizia tarehe ya kuanza

Ndugu Meneja Rasilimaliwatu,

Nimepokea barua yenu ya Mei 28, nashukuru sana. Nimekubali nafasi ya mtunza stoo kwa masharti yaliyomo.

Barua haikutaja tarehe ya kuanza kazi. Nikipata uthibitisho wenu kabla ya Jumatatu, Juni 2, nitatoa notisi kwa mwajiri wangu siku hiyo, na nitaweza kuripoti Jumanne, Julai 1. Je, tarehe hiyo inawafaa?

Nimeambatanisha nakala ya barua niliyoisaini."

Swali la kijana lilimwachia meneja kazi ya kupanga. Hili anaweza kulijibu kwa neno moja, hata akiwa kwenye simu. Na "nashukuru sana" mama hakuigusa. Nilipomuuliza kwa nini hakuweka shukrani ndefu zaidi ya kiofisi, alisema huyo ndiye kijana mwenyewe anayezungumza, na watakaofanya naye kazi ni vyema wamsikie tangu mwanzo.