Vifaranga Wangu Wako Ndani ya VLC!

Saa nne na dakika kumi usiku, nimebandika mstari mmoja wa maandishi kwenye VLC, nikabonyeza `Play`, nikahesabu moja, mbili... na banda langu la kuku likajaa kioo kizima cha laptopu! Vifaranga mia mbili, taa yao ya joto inaning'inia katikati, mmoja amepanda juu ya chombo cha maji kama mwenyekiti wa kijiji. Mwanangu alichungulia begani kwangu akauliza, "Baba, hiyo ni filamu gani?" Nikamwambia ni ya moja kwa moja, inatoka nyuma ya nyumba, na hatutumii hata senti ya bando kuitazama.

Naandika haya moto ukiwa bado haujapoa. Nina siku tatu tu na kitu hiki.

Kamera yenyewe ni ya kawaida, Tapo C200, ile ndogo ya mviringo inayozungusha kichwa. Niliinunua mwaka jana na siku zote nimeitazama kwa simu, kupitia programu yake. Kumbe ndani yake kuna mlango mwingine ambao sikuwahi kuubisha: RTSP, yaani lugha ambayo kamera na kicheza video huzungumza ili picha ianze, isimame na iendelee kutiririka. Si kitu kipya. Kanuni zake zilichapishwa mwaka 1998. Na VLC, ambayo wengi wetu tunaijua kwa kuchezea filamu za kwenye fleshi, ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris waliotaka kurusha video ndani ya mtandao wa chuo chao. Kupokea picha kutoka kwenye mtandao ndiyo kazi iliyozaliwa nayo! Sisi ndio tulioiweka kwenye Bongo Muvi.

Huu hapa mstari wenyewe, nimebadilisha neno la siri:

```
rtsp://banda:Vifaranga200@192.168.1.73:554/stream1
```

Usome taratibu, maana siri yote iko humu. Baada ya `rtsp://` linakuja jina la mtumiaji, nukta mbili, neno la siri, kisha `@`. Baada ya hapo ni anwani ya kamera ndani ya mtandao wa nyumbani. Mimi niliisoma kwenye programu ya simu, kwenye taarifa za kifaa. `554` ni poti ya kawaida ya RTSP. Mwishoni ni njia, na hii ndiyo sehemu inayotofautiana baina ya watengenezaji. Tapo wanatumia `/stream1` kwa picha kubwa na `/stream2` kwa picha ndogo. Mwenye Hikvision ataandika `/Streaming/Channels/101`, na mwenye Dahua `/cam/realmonitor?channel=1&subtype=0`. Ukikosea herufi moja hapo, kamera haitakubahatishia.

Ndani ya VLC unafungua `Media`, kisha `Open Network Stream`, au Ctrl na N kwa mkupuo. Unabandika, unabonyeza, basi.

Basi, nasema, lakini jioni ya kwanza ilinichukua saa nzima. Kosa la kwanza lilikuwa langu kabisa: niliingiza barua pepe na neno la siri ninalotumia kufungulia programu ya simu. Yakakataliwa. Nikarudia, yakakataliwa. Kumbe akaunti ile ni ya huduma ya mtandaoni, na kamera yenyewe haiitambui inapozungumza RTSP. Inataka akaunti yake binafsi, unayoitengeneza kwenye mipangilio ya kamera, `Advanced Settings`, halafu `Camera Account`. Dakika moja tu. Nikaiita `banda`.

Kosa la pili lilikuwa tamu zaidi. Kwenye neno la siri nilikuwa nimeweka mkwaju, hii alama `/`, nikijiona mjanja wa usalama. VLC ilipousoma mstari ikaona mkwaju, ikadhani anwani imeishia hapo na njia imeanza. Dirisha la kosa likatokea: `Your input can't be opened`. Dawa ni kuandika `%2F` mahali pa mkwaju, ambayo ni namna ya kuuficha mkwaju ndani ya anwani. Kama hutaki hesabu hizo, ondoa jina na neno la siri kwenye mstari, acha `rtsp://192.168.1.73:554/stream1` peke yake. VLC itakufungulia kidirisha cha kuyajaza, na humo unaandika alama yoyote bila kuificha.

Na kidirisha hicho, jamani, ni kipimo cha bure! Kikitokea, ujue umefika mlangoni: kamera iko hai, anwani ni sahihi, na inakuuliza wewe ni nani. Kikirudi tena na tena, tatizo ni jina au neno la siri, usihangaike na kingine. Lakini kama hakitokei kabisa na unapata dirisha la kosa tu, acha neno la siri, kagua anwani, njia, na kama laptopu iko kwenye waifai ileile ya kamera. Ningelijua hili mapema ningekula chakula cha usiku kikiwa cha moto.

Sasa picha. Mbona ni safi hivi? Kwenye simu nilizoea vifaranga wadogo kama punje za mahindi. Kwenye laptopu naona manyoya. Usiku kamera inawasha mwanga wake usioonekana na picha inakuwa ya kijivu, lakini naona wazi nani amelala na nani anazurura. Wafugaji wanajua maana yake: wakijibana chini ya taa wanahisi baridi, wakikimbilia kuta joto limezidi. Usiku wa pili niliwaona wamejikusanya kama nyuki. Nikatoka na tochi, nikashusha taa kidogo, nikarudi kukaa. Baada ya muda wakatawanyika, nami nikatazama yote nikiwa na kikombe cha chai mkononi!

Lakini banda liko mbali kidogo na ruta, na kuna ukuta wa tofali katikati. Dakika za mwanzo picha ilikuwa inachafuka: nusu ya chini inakuwa kijivu, kifaranga anavutika kama ubani wa kutafuna, kisha inajisafisha. Sababu ni namna vipande vya picha vinavyotumwa. VLC ikiachwa ilivyo huomba vipande vitumwe kwa UDP, ambayo ni kama kumrushia mtu machungwa juu ya ukuta: likianguka, limeanguka. Kwa TCP kila chungwa linathibitishwa, na lililopotea linarushwa tena. Nilikwenda kwenye `Tools`, `Preferences`, `Input / Codecs`, chini kabisa kwenye `Live555 stream transport`, nikachagua `RTP over RTSP (TCP)`. Uchafu ukaisha hapohapo. Kwa kamera yoyote ya waifai ningeanza na badiliko hilo kabla ya jingine lolote.

Kingine ni ucheleweshaji. Nilimtuma mwanangu bandani na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, akaishika mbele ya kamera, nami nikalinganisha na saa yangu mezani. Picha ilikuwa nyuma kwa sekunde mbili hivi. Sehemu ya hizo ni akiba ambayo VLC huijaza kabla ya kuonyesha, milisekunde 1000 isipoguswa. Nikaishusha hadi 300. Wanaopenda kuandika amri watafanya yote mawili kwa mkupuo:

```
vlc --rtsp-tcp --network-caching=300 rtsp://192.168.1.73:554/stream1
```

Nikajaribu kuishusha hadi 100, tamaa tu, picha ikaanza kukwamakwama. Kwenye waifai yangu 300 inatosha.

Jambo lililonipa kichaa hasa ni lile la juzi jioni, intaneti ilipokatika mtaa mzima. Nikaangalia laptopu: vifaranga bado wanakula! Picha inatoka kwenye kamera, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye kompyuta, haitoki nje ya uzio. Kwenye `Media Information`, upande wa `Statistics`, niliona mkondo wangu unazunguka kwenye kilobiti elfu moja kwa sekunde. Hiyo ni kama megabaiti 450 kwa saa. Ukiiacha usiku kucha kupitia bando, kesho utalia. Ndani ya nyumba ni bure.

Nisikupambie mno. VLC ni jicho tu. Haizungushi kichwa cha kamera, hainipigii kengele mtu akifungua mlango, na siwezi kumkemea paka kupitia kipaza sauti cha kamera. Kwa hayo bado naishika simu. Pia kamera ndogo kama hii haipendi watazamaji wengi kwa wakati mmoja. Laptopu moja na simu moja zinatosha. Na kamera nyingi za Tapo zinazotumia betri hazina RTSP, kwa hiyo usinunue moja kwa sababu ya makala hii.

Umeme nao una visa vyake. Jana ulikatika, uliporudi ruta ikaipa kamera anwani mpya, `192.168.1.75`, na mstari wangu ukafa. Nikaingia kwenye ruta nikaifungia kamera anwani moja ya kudumu. Fanya hivyo siku ya kwanza.

Kisha usalama, na hapa napunguza kelele. RTSP ya kawaida haifichi picha njiani. Ukihifadhi orodha ya VLC yenye mstari wako kamili, neno la siri limo ndani wazi, yeyote akifungua faili analisoma. Ndiyo maana akaunti ya kamera iwe na neno la siri ambalo hulitumii popote pengine. Na kuna jirani atakushauri ufungue poti 554 kwenye ruta ili uone kuku ukiwa safarini. Usifungue! Wapo wanaozunguka mtandaoni usiku na mchana wakibisha poti hizo. Ukitaka kuona ukiwa mbali, tumia programu ya simu, au weka VPN nyumbani kama WireGuard, uingie kwanza ndani ya mtandao wako ndipo ufungue VLC.

Hukumu yangu baada ya siku tatu: kwa programu ya bure na kamera niliyokuwa nayo tayari, sijapata kitu kilichonifurahisha hivi tangu nianze kufuga. Kama kamera yako inatumia waya wa umeme, fungua mipangilio yake usiku huu, tafuta akaunti ya kamera, na uanze na `/stream2`. Ni nyepesi, na ikikubali hiyo, kubwa itafuata.