Saa Iliyotegwa Ndani ya Flash

Kuitoa Flash kwenye vivinjari ulikuwa uamuzi sahihi. Kosa la Adobe ni saa ya Januari 12, 2021.

Tangu Julai 2017 kampuni ilikuwa imetangaza kwamba huduma ingekoma mwishoni mwa 2020, na vivinjari vikubwa vikajipanga kuiondoa. Hilo lilitosha. Lakini ndani ya matoleo ya mwisho ikategwa tarehe: ikifika, programu-jalizi inakataa kucheza chochote, hata kilicho kwenye mtandao wa ndani wa ofisi, isipokuwa anwani iwe imeruhusiwa kwenye faili la `mms.cfg`. Mtumiaji wa kawaida angelijuaje faili hilo? Matokeo yake watu walikimbilia nyuma, kwenye 32.0.0.371, toleo la mwisho lisilo na saa, wakilipakua popote walipolikuta. Mafundi wa reli wa Dalian, China, nao walirudisha toleo la zamani ili mifumo yao ifanye kazi. Hatua iliyokusudiwa kulinda watu ikawasukuma kwenye programu isiyotiwa viraka, iliyofungashwa na wasiojulikana.

Na njia salama zaidi ilikuwepo tangu enzi za Macromedia: projekta, kichezeshi kinachojitegemea, ambacho hakikutegwa saa. Hatari kubwa ya programu-jalizi ilikuwa kwamba ukurasa wowote uliweza kukurushia SWF bila kuombwa. Projekta hufungua faili ulilolichagua mwenyewe. Adobe ingewaelekeza watu huko kwa sauti kubwa. Hata hivyo msimbo wake ni uleule wa zamani, kwa hiyo itumie ndani ya kompyuta pepe, mtandao ukiwa umekatwa.

Kabla ya projekta kuna Ruffle: kiigaji cha Flash kilichoandikwa upya kwa Rust, ni kazi safi, na ndiyo ya kuanza nayo.

Ila ijue mipaka yake. Michezo ya ActionScript 1 na 2 huenda vizuri. Ya ActionScript 3 mingine hukwama, na dalili yake ni skrini tupu, au vitufe vinavyoonekana lakini havibonyezeki. Usichanganye na kufuli la tovuti: hapo mchezo hupakia mpaka mwisho, kisha hukataa kuanza kwa sababu umekagua anwani na kukuta si ya tovuti yake. Ruffle ya mezani hulitatua kwa kuutajia mchezo anwani unayoitaka:

```
ruffle --spoof-url https://example.com/mchezo.swf mchezo.swf
```

Weka anwani halisi ulikotoka mchezo. Mchezo ukianza, tatizo lilikuwa kufuli. Skrini ikibaki tupu, ndipo ujaribu projekta.

Na kama bado una 32.0.0.371 kwenye kompyuta unayofanyia kazi za benki, iondoe leo.