Nusu ya Uwezo, Mara Sita kwa Siku

Mzee mmoja wa Kimarekani, aliyewahi kutumikia kikosi cha Marini ujanani, alipewa sharti moja na mume wa binti yake: kila akishuka kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, ajivute mara tano kwenye chuma, kisha aendelee na shughuli zake. Mkwe huyo alikuwa Pavel Tsatsouline, mkufunzi wa mazoezi ya nguvu mzaliwa wa Minsk aliyehamia Marekani, na ndiye aliyeisimulia habari hii katika maandishi yake. Kuna siku mzee alifikisha mara 25, na kuna siku alifikisha 100, kutegemea alishuka mara ngapi. Kila baada ya mwezi hivi alipumzika siku chache, halafu akajipima. Haukupita muda mrefu akawa anajivuta mara 20 mfululizo, idadi ambayo hakuifikia hata alipokuwa askari, miaka 40 nyuma. Kwa miaka mingi, 20 ndiyo idadi iliyompa askari mwanamume wa Marini alama zote katika kipimo cha kujivuta.

Njia hiyo huitwa kupaka njia grisi. Kinachowashangaza wengi ni kwamba mzee hakuchoka. Mara tano kwake zilikuwa rahisi, na ziliendelea kuwa rahisi. Kwa mtu aliyezoea kuona kila seti jimu ikiishia kwa mikono kutetemeka, hayo hayaonekani kuwa mazoezi.

Hesabu inasaidia kuelewa. Chukua kijana anayeweza pulapu 8, si zaidi. Akienda jimu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akafanya seti tatu za kujimaliza, pengine atapata 8, kisha 6, kisha 4. Hizo ni 18 kwa siku na 54 kwa wiki, na zile za mwisho katika kila seti atazivuta kwa kupinda mwili na kurusha miguu. Kijana huyohuyo akijivuta mara 4 tu, lakini mara sita kwa siku, siku tano kwa wiki, anapata 120. Zote amezifanya akiwa hajachoka, kidevu kikipita chuma na mikono ikinyooka kabisa anaposhuka.

Wingi huo una faida kwa sababu nguvu haitokani na ukubwa wa msuli peke yake. Amri ya kuvuta hutoka kwenye ubongo, hupita uti wa mgongo, na kufika kwenye neva ambazo kila moja inaongoza fungu lake la nyuzi za msuli. Asiyezoea tendo fulani hawezi kuyaamsha mafungu yote anayohitaji, wala kuyatumia amri kwa kasi ya kutosha. Mwaka 1979, watafiti Moritani na deVries walionyesha kwamba katika wiki za mwanzo za mazoezi ya mkono, sehemu kubwa ya nguvu iliyoongezeka ilitokana na mabadiliko ya neva, na kukua kwa msuli kukachukua nafasi baadaye. Neva hujifunza tendo kwa kulirudia likiwa safi. Likirudiwa kwa uchovu, mwili hujifunza mwendo wa uchovu.

Lakini kwa nini nguvu hiyo iongeze idadi ya pulapu? Tuseme kijana wetu ana kilo 70, na mzigo mkubwa kabisa anaoweza kuuvuta mara moja, uzito wa mwili wake ukiwemo, ni kilo 85. Kila pulapu inamdai zaidi kidogo ya asilimia 82 ya nguvu zake. Uwezo huo ukipanda hadi kilo 95, pulapu ileile inamdai karibu asilimia 74. Mwili haujapungua uzito, ila mzigo umekuwa mwepesi kwake, na hivyo anaweza kuurudia mara nyingi zaidi kabla ya kukwama.

Katika utekelezaji, wiki ya kwanza asikimbilie raundi sita. Raundi tatu za mara 4 zinampa 12 kwa siku na 60 kwa wiki, karibu sawa na alivyozoea. Wiki ya pili afanye raundi nne au tano, ya tatu na ya nne sita. Kati ya raundi na raundi apumzike robo saa au zaidi, na saa nzima ni bora. Akiba ya nishati ya haraka ndani ya msuli hurudi ndani ya dakika chache, kwa hiyo kila raundi inaanza upya. Mwisho wa wiki ya nne apumzike siku mbili, halafu ajipime mara moja tu. Kama amefika 11, nusu yake mpya ni 5, na mzunguko unaanza tena kwa raundi chache.

Kosa linaloua mpango huu ni tamaa. Siku ya tatu mtu anajisikia vizuri, anafanya 6 badala ya 4, kesho 7, na kufikia wiki ya pili anajimaliza mara sita kila siku. Njia ya kugundua ni kuiangalia pulapu ya mwisho ya kila raundi. Inapaswa kupanda kwa kasi sawa na ya kwanza. Ikianza kupanda polepole, au kidevu kikianza kutafuta chuma kwa kunyoosha shingo, idadi ni kubwa mno kwa siku hiyo. Apunguze hadi 3, au aache raundi moja.

Dalili ya pili ni kiwiko. Kano zinazoshika upande wa ndani wa kiwiko huzoea mzigo polepole kuliko msuli, na kazi ya kila siku haizipi nafasi ya kutosha. Maumivu yanayosikika mtu anapobana ngumi, au anaponyanyua ndoo asubuhi, ni sababu ya kusimama siku kadhaa na kurudi na nusu ya raundi. Kubadilisha mshiko, leo viganja vikimtazama na kesho vikitazama mbele, hupunguza msuguano wa mahali pamoja. Asiyeweza hata pulapu moja anaweza kuruka juu ya chuma na kushuka kwa sekunde tano, lakini asifanye hivyo kila siku, maana kushuka polepole huumiza misuli kuliko kupanda.

Kwa pushapu, mipaka ya njia hii huonekana mapema zaidi. Pushapu ya kawaida hubebesha mikono takriban theluthi mbili ya uzito wa mwili. Anayeweza 12 bado anakwamishwa na nguvu, na raundi za 6 zitamfaa. Anayeweza 45 anakwamishwa na msuli kuwaka moto, jambo la stamina, na raundi sita za 22 ni pushapu 132 kwa siku, mzigo mzito kwa viganja na mabega. Huyo aweke miguu juu ya kiti, atafute idadi yake mpya ya mwisho, na apige nusu yake katika raundi za siku. Kisha mara mbili kwa wiki afanye seti ndefu za pushapu za kawaida, zimfikishe pale misuli inapowaka, kwa sababu uvumilivu huo hauji kwa raundi fupi peke yake.