Tesla na Fahirisi ya S&P 500: Namna ya Kusoma Waraka Unaotaja Kumi Kati ya Mia Tano

Fahirisi ya hisa ni kipimo kinachokusanya thamani ya kampuni zilizoteuliwa ili mwenendo wa soko uonekane katika namba moja, na waraka wa taarifa wa fahirisi ni hati fupi yenye tarehe, inayoeleza kanuni za uteuzi, idadi ya hisa zilizomo na kampuni zenye uzito mkubwa. S&P 500, ambayo ndiyo fahirisi inayofuatwa zaidi nchini Marekani, ina kampuni 500, lakini jedwali la waraka wake lenye kichwa "Top 10 Constituents By Index Weight" lina mistari kumi tu. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kama kampuni fulani imo anasoma hati ambayo haitaji sehemu kubwa mno ya wanachama, na swali la msingi ni kutambua ukimya wa jedwali hilo una maana lini na hauna maana lini.

Jibu limo katika uzito, yaani sehemu ya fahirisi inayobebwa na kampuni moja. S&P 500 hupima uzito kwa thamani ya hisa huru, ambazo ni zile zinazoweza kununuliwa na umma, baada ya kuondoa zinazoshikiliwa na waanzilishi na wamiliki wengine wasiotarajiwa kuziuza. Kanuni yake ni hii:

```
uzito = thamani ya hisa huru za kampuni / jumla ya thamani ya hisa huru za fahirisi
```

Kwa kuwa kigawanyo ni kimoja kwa kampuni zote, si lazima kukijua. Inatosha kulinganisha thamani ya hisa huru za kampuni inayochunguzwa na ile ya kampuni iliyomo katika jedwali. Ikiwa inayochunguzwa ni kubwa kuliko mojawapo ya zilizotajwa, nayo yenyewe haikutajwa, basi haimo katika fahirisi. Ikiwa ni ndogo kuliko zote kumi, ukimya hauthibitishi lolote.

Tesla, kampuni ya magari ya umeme, inaonyesha hesabu hiyo vizuri. Mwishoni mwa Novemba 2020 thamani yake sokoni ilikuwa takriban dola bilioni 540, na hata ikipunguzwa moja ya tano, ambayo ndiyo takriban sehemu aliyoishikilia Elon Musk, zinabaki kama dola bilioni 430. Johnson & Johnson, iliyokuwa miongoni mwa kumi za juu wakati huo, haikufika dola bilioni 400. Tesla ingekuwa mwanachama, ingelazimika kuonekana juu yake. Kwa kuwa haikuonekana, msomaji alikuwa na uthibitisho kwamba haikuwamo, ingawa tangazo la kuiingiza lilikuwa limekwisha kutolewa tarehe 16 Novemba. Tangazo si uanachama: Tesla iliingia kabla ya soko kufunguliwa tarehe 21 Desemba, na waraka wa mwisho wa mwezi huo ukaitaja miongoni mwa kumi.

Wanaodhani kwamba ukubwa pekee huiingiza kampuni hukosea hapa, kwani uteuzi hufanywa na kamati, na kanuni ya wakati huo ilidai, pamoja na masharti mengine, kwamba jumla ya faida ya robo nne za mwaka zinazofuatana iwe chanya. Tesla ilitimiza sharti hilo ilipotangaza hesabu zake Julai 2020, na bado kamati iliiruka katika uteuzi uliotangazwa Septemba, ikazichukua Etsy, Teradyne na Catalent.

Mstari wa "Number of constituents" nao hupotosha ukisomwa haraka, kwa kuwa mwishoni mwa 2020 ulionyesha 505. Fahirisi huhesabu aina za hisa, si kampuni, na Alphabet, kampuni mama ya Google, ina aina mbili zilizomo, GOOGL na GOOG, hivyo hushika mistari miwili ya jedwali, na uzito wake halisi hupatikana kwa kuijumlisha.

Kosa zito zaidi ni kusoma waraka wa fahirisi nyingine yenye jina linalofanana. Mei 2022 Tesla iliondolewa katika S&P 500 ESG, fahirisi inayochuja kampuni kwa vigezo vya mazingira, jamii na uongozi, huku ikibaki katika S&P 500 yenyewe bila mabadiliko; mtu aliyetazama jina nusu angeweza kuamini kwamba imefukuzwa kutoka ile fahirisi kuu. Jina kamili na tarehe husomwa kabla ya jedwali, na kwa kampuni iliyo ndogo kuliko zote kumi waraka huwekwa kando, uthibitisho ukatafutwa katika orodha kamili ya wanachama ya tarehe hiyohiyo.